Kazi zimezidi saa: namna ya kumwomba mkubwa aamue kitakachotangulia

Swali: Mimi ni karani wa hesabu katika hoteli moja hapa Malindi. Mwenzangu aliacha kazi mwezi wa tisa, na kazi zake zote nikapewa mimi. Nafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na bado viporo vinaongezeka. Meneja wetu ni mtu mzima, tunamwita Mzee, na kila jambo analitaka leo leo. Nitamwambiaje kwamba kazi zimenizidi, na nimuulize nianze na ipi, bila kuonekana mvivu au mlalamishi?

Jibu: Dada yangu, nimeisoma orodha yako ya kazi za wiki itakayoanza Jumatatu tarehe 10 Novemba, pamoja na yale maandishi ya siku sita, ya dakika ulizokatizwa kazini, niliyokuomba uyaweke kabla sijakujibu. Nakushukuru kwa kuyaandika kwa uaminifu, hata zile dakika ulizotumia kutafuta chenji ya wageni, kwa sababu jibu langu lote linasimama juu ya maandishi hayo.

Watu wengi hudhani kwamba tofauti kati ya malalamiko na ombi imo katika upole wa sauti. Sivyo. Malalamiko, hata yakisemwa kwa adabu kubwa, humweleza mkubwa hali uliyo nayo, kisha humwachia atafute mwenyewe la kufanya. Ombi la uamuzi humwekea mezani mambo mawili au matatu ambayo yeye peke yake ana mamlaka ya kuyapanga, likamwonyesha kila mpango utazaa nini, kisha likamwomba achague. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza, katika ofisi za wafanyakazi za hoteli za pwani, na walioingia kwangu wakaniambia kwamba kazi ni nyingi niliwaonea huruma kwa dhati, lakini wakatoka kama walivyoingia, kwa kuwa sikujua ni kazi gani ningeweza kuwapunguzia.

Kabla ya kufika upande huo nilikuwa nimelipata somo hili mwenyewe. Nikiwa kijana, nilimwambia mkubwa wangu, "Kazi zimenizidi." Akanijibu, "Hata mimi zimenizidi," na mazungumzo yakaishia hapo. Wiki tatu baadaye nilichelewa kupeleka michango ya wafanyakazi, hoteli ikatozwa faini, na lawama ikaniangukia mimi. Iliniuma, lakini ilikuwa haki, kwa sababu katika mazungumzo yale sikuitaja michango wala tarehe yake hata mara moja. Nilikuwa nimezungumza juu yangu, sikuzungumza juu ya kazi.

Basi tuanze na saa. Kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ukiondoa saa moja ya chakula, ni saa 8 kwa siku, na kwa siku sita ni saa 48. Kazi zako tisa, kwa makadirio yako mwenyewe, ni hizi: hesabu ya mapato ya jana na kupeleka pesa benki, saa 9 kwa wiki, kujibu barua pepe za mawakala wa watalii, saa 6, marejesho ya ushuru wa VAT ya Oktoba, saa 6, kulinganisha taarifa ya benki na vitabu vyenu, saa 5, kulipa madai ya wauzaji, saa 5, kuhesabu mali ya stoo, saa 6, bajeti ya mwaka ujao, saa 8, ripoti ya bei za hoteli jirani ambayo mwenye hoteli ameiomba, saa 4, na kupanga upya mafaili ya wafanyakazi, saa 5. Jumla ni saa 54.

Hapa ndipo watu wengi hukwama bila kujua. Ukienda kwa Mzee na saa 54 dhidi ya saa 48, tofauti ni saa 6 tu, yaani saa moja kwa siku, na mkubwa yeyote atakuambia ujikaze kidogo. Lakini saa 48 hizo si zako zote. Maandishi yako ya siku sita yanaonyesha kwamba uliondolewa kwenye kazi kwa dakika 900: mgeni anayebishania bili, mtu wa jikoni anayetaka pesa za kununua ndimu, simu ya mapokezi, dereva anayedai pesa ya mafuta. Dakika 900 ni saa 15. Nazo si uzembe wala si wizi wa wakati, kwa kuwa hoteli haiwezi kwenda bila mambo hayo, ila hayajaandikwa katika orodha ya mtu yeyote. Ukiziondoa, unabaki na saa 33. Tofauti ya kweli, basi, ni kati ya saa 54 na saa 33, nayo ni saa 21. Hapo hakuna kujikaza. Kuna kazi zitakazobaki bila kufanywa wiki hiyo, ukiomba uamuzi au usiombe, na swali lililopo ni kama zitachaguliwa kwa makusudi au zitajichagua zenyewe.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajaandika maandishi kama hayo, njia ni nyepesi. Weka kijidaftari kando ya simu, na kila unapoinuka au kukatizwa, andika saa, jina la jambo, na dakika ulizotumia. Siku moja haitoshi, kwa sababu siku ya mishahara haifanani na siku ya kawaida. Siku sita mfululizo zinatosha. Usizikisie mwisho wa siku, kwa kuwa mtu aliyechoka huzikuza dakika, na mkubwa mwenye uzoefu hugundua mara moja namba iliyokuzwa.

Ukishajua kwamba saa 21 hazina pa kukaa, usimpelekee Mzee kazi zote tisa ukimwomba azipange. Hili ni kosa la pili kwa ukubwa baada ya kulalamika. Mkubwa akipewa orodha ndefu isiyo na mpangilio huona kwamba umemrudishia kazi yako aifanye yeye, na jibu lake la kawaida ni, "Zote ni muhimu." Wewe ndiwe unayezijua kazi hizi kwa undani, kwa hiyo zipange kwanza mwenyewe, ukiiuliza kila moja swali hili: ikichelewa siku saba, nani ataumia, na je, dhara hilo litaweza kurekebishwa?

VAT haihitaji mjadala. Marejesho ya Oktoba yanatakiwa kwa Mamlaka ya Ushuru kabla ya tarehe 20 Novemba kwisha, na adhabu ya kuchelewa kuyawasilisha ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kiasi kilicho kikubwa ndicho kinachotozwa, mbali na adhabu na riba ya kuchelewa kulipa. Pesa hizo zikishatoka, ni taabu kubwa kuzirudisha. Tarehe 20 iko wiki inayofuata, ni kweli, lakini wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ankara za baadhi ya wauzaji hazionekani katika eTIMS, mfumo wa ankara wa Mamlaka hiyo, na ni lazima uwafuate mmoja mmoja. Kazi inayotegemea watu wengine huanza mapema, ili wao wapate siku za kukujibu.

Madai ya wauzaji yanakaa karibu na VAT kwa sababu hizohizo za ankara, na kwa sababu nyingine ambayo mtu wa Malindi haihitaji kuelezwa: mvuvi ambaye hajalipwa wiki mbili hupeleka kolekole wake kwa hoteli nyingine, na Desemba, kaskazi ikivuma na vyumba vikijaa, hutampata tena kwa bei ileile. Hesabu ya mapato ya kila siku haiwezi kuahirishwa, maana pesa taslimu zinazolala ofisini ni hatari, na kosa la siku moja lisipoonekana kesho yake hufunikwa na la siku ya pili. Kulinganisha taarifa ya benki kunabaki kwa sababu ndiko kunakokuonyesha kama malipo ya wageni yaliyoandikwa yamefika kweli. Barua pepe za mawakala zinabaki pia, kwa kuwa wakala asiyejibiwa siku mbili hupeleka kundi lake kwingine.

Ukijumlisha hizo tano, yaani 9, 6, 6, 5 na 5, unapata saa 31. Zinaingia ndani ya saa 33, na zinabaki saa 2 za dharura, ambazo nakusihi usizijaze. Kazi nne zilizobaki, yaani stoo, bajeti, ripoti ya bei na mafaili, zina saa 23. Mafaili hayana tarehe, na kuchelewa kwake hakumuumizi mtu mwezi huu. Bajeti, kwa maneno yako, inatakiwa mwisho wa Novemba, kwa hiyo inaweza kuanza tarehe 17 bila madhara. Hizo mbili unamwarifu Mzee kwamba umezisogeza, na yeye ana nafasi ya kukukataza.

Stoo na ripoti ya bei ni jambo jingine. Mpishi mkuu anasubiri stoo ihesabiwe ili aagize vyakula vya msimu. Mwenye hoteli anasubiri ripoti. Wewe huwezi kujua ni nani kati yao anayeweza kungoja, kwa sababu hilo linategemea mazungumzo baina ya Mzee na mwenye hoteli ambayo hukuyasikia. Huu ndio uamuzi ulio wake. Kati ya kazi tisa, basi, swali unalompelekea ni moja tu, na mtu anayeleta swali moja lililokomaa hawezi kudhaniwa mvivu.

Sasa tuje kwenye wakati wa kusema, ambao kwa hoteli una umuhimu wake. Usimwendee saa moja wala saa mbili asubuhi, wageni wakiwa mezani, wala saa nne, wakati wanaondoka na kulipa bili. Ijumaa kuanzia saa tano na nusu, Mzee anajitayarisha kwenda msikitini. Usimzungumzie kwenye korido akiwa na watu, kwa sababu mkubwa anayeombwa mbele ya wengine hulazimika kulinda heshima yake kabla ya kulifikiria ombi. Jumamosi tarehe 8, jioni, mwombe nafasi kwa maneno machache: "Mzee, naomba dakika kumi na tano Jumatatu saa tano, nikuonyeshe mpangilio wa kazi za wiki. Kuna jambo moja nataka uniamulie." Sentensi hizo mbili zinamtuliza, maana mtu akiombwa nafasi bila kuambiwa sababu huanza kufikiri kwamba unataka kuacha kazi au kuongezewa mshahara.

Nenda na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono unaosomeka, si zaidi. Upande wa kushoto andika kazi, kisha saa zake, kisha tarehe yake ya mwisho. Chini andika namba tatu: saa zinazohitajika 54, saa zilizopo 33, saa 21 zisizo na nafasi. Mwekee karatasi mbele yake, igeuze asome yeye, na mkae nyote wawili mkiitazama. Kitendo hiki kidogo kina faida kubwa kuliko maneno mengi, kwa kuwa macho yake yanakuwa juu ya kazi na hayako juu ya uso wako.

Kuhusu maneno, adabu yetu ya Kiswahili ni hazina, lakini ina mtego wake katika mazungumzo ya aina hii. Nimewasikia vijana wakimzungukia mkubwa kwa shikamoo, habari za nyumbani, samahani kwa usumbufu, sijui nianzie wapi, naomba usinielewe vibaya, mpaka mkubwa anaanza kuogopa habari anayoletewa. Shikamoo ni wajibu, na habari za nyumbani ni haki yake. Baada ya hapo ingia kwenye jambo. "Usinielewe vibaya" humfundisha msikilizaji kwamba kuna ubaya wa kutafuta.

Chunga pia mtenda wa sentensi zako. "Nimechoka," "nimebaki peke yangu," "tangu fulani aondoke nateseka," zote zinakuweka wewe mbele, na zote, hata zikiwa kweli, zinamfanya Mzee ajitetee, kwa sababu ndiye aliyeamua nafasi ile isijazwe. Iweke kazi mbele: "Hesabu ya stoo inahitaji saa 6, na saa zilizobaki baada ya VAT na zile nne nyingine ni 2." Hapo hakuna wa kujitetea. Wala usiseme "sitaweza." Sema "haitaingia wiki hii, itaingia wiki ijayo Jumanne." Kwa sikio la mkubwa, la kwanza ni kukataa, na la pili ni ahadi yenye tarehe.

Ukiyaweka pamoja, mazungumzo yako yanaweza kuwa hivi: "Mzee, nimeziandika kazi za wiki hii zote na saa zake. Zinataka saa 54, na nikiondoa muda wa wageni na wafanyakazi wanaokuja dirishani, nina saa 33. Nimepanga VAT, wauzaji, benki, mapato ya kila siku na mawakala zitangulie, kwa sababu zina tarehe au zina pesa ndani yake. Bajeti nimeipeleka wiki ijayo, na mafaili Desemba, kama huna pingamizi. Lililonishinda kuamua ni kati ya stoo na ripoti ya bei. Ile itakayotangulia itaanza Jumatatu ijayo na kukamilika Jumanne, na ya pili itakamilika Alhamisi. Naomba uniamulie ipi itangulie."

Kisha nyamaza. Nalisisitiza hili kwa sababu ndipo watu wengi huiharibu kazi nzuri waliyoifanya. Mkubwa akinyamaza kufikiri, msemaji huingiwa na hofu, akaanza kusema, "Lakini kama haiwezekani, nitajaribu tu." Sentensi hiyo inafuta karatasi nzima, kwa kuwa inamwambia Mzee kwamba saa 21 zinaweza kupatikana mahali fulani ukisukumwa kidogo.

Akijibu kwamba zote ni muhimu, usibishane naye juu ya umuhimu. Mkubalie, kwa sababu ni kweli, kisha mrudishe kwenye tarehe: "Nimekuelewa, Mzee, na zote zitafanywa. Naomba tarehe tu. Stoo ikitangulia, ripoti itakufikia Alhamisi. Ripoti ikitangulia, mpishi atangoja stoo mpaka Alhamisi. Ipi itakufaa?" Mtu anayeona ugumu wa kusema jambo fulani si muhimu huona wepesi wa kusema jambo fulani lingoje siku mbili, kwa sababu kungoja hakumdharau mtu.

Akikuambia ukae jioni umalize, lichukue jambo hilo kwa hesabu pia. Saa 21 kwa siku sita ni saa tatu na nusu kila jioni, yaani kutoka kazini saa mbili na nusu usiku kwa wiki nzima, na hesabu za ushuru zinazojazwa saa hizo huleta makosa yanayogharimu kuzirudia. Mwonyeshe hivyo, kisha mpe kilicho ndani ya uwezo wako: "Naweza kubaki Jumanne na Jumatano mpaka saa moja usiku, nikamaliza ripoti ya bei." Jioni mbili za saa mbili ni saa 4, ambazo ndizo ripoti inazihitaji. Umemsaidia, na umeonyesha mpaka. Siku yako ya mapumziko usiitoe kirahisi, maana Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na anayeizoesha ofisi kwamba Jumapili yake ni akiba ya kazi huona taabu kuirudisha.

Inawezekana pia akakuuliza, "Unataka nikusaidie vipi?" Hili ndilo jibu jema kuliko yote, na wengi hulipokea wakiwa mikono mitupu. Uwe na ombi moja dogo mfukoni. Kwa hali yako ningeomba mmoja wa mapokezi ajibu zile barua pepe za mawakala zinazouliza bei na nafasi tu, wewe ubaki na zile za malipo. Usiombe mtu mpya siku hiyo. Ombi hilo ni halali, lakini linahitaji ruhusa ya mwenye hoteli, na ukilileta sasa litayameza mengine yote na utatoka bila jibu la stoo.

Mkishaafikiana, jioni hiyo hiyo mwandikie kwenye WhatsApp, au kwa njia yoyote ambayo yeye huisoma: "Mzee, ahsante kwa muda wako. Kama ulivyoamua leo: stoo itaanza Jumatatu tarehe 17 na kukamilika Jumanne 18, ripoti ya bei Alhamisi tarehe 20, bajeti itakamilika kabla ya tarehe 29, mafaili Desemba. VAT itawasilishwa kabla ya tarehe 19." Usiongeze maelezo. Ujumbe huu si mtego wa kumnasia, na usiuandike kwa moyo huo. Mzee ana mambo mengi kichwani, na Alhamisi mwenye hoteli akipiga simu kuulizia ripoti, atakuwa na tarehe ya kumpa bila kukuita.

Tatizo litarudi kabla wiki haijaisha, kwa sababu kazi mpya haitangoja Jumatatu. Siku ya Jumatano atakuja na jambo na atalitaka leo leo. Lipokee, likadirie papo hapo, kisha uliza kwa sentensi moja: "Sawa, Mzee, hili lina kama saa 3, na saa 2 za dharura zipo. Ile moja niitoe kwa wauzaji au kwa benki?" Mara mbili au tatu za kwanza atashangaa. Baadaye nimeona wakubwa wa aina hii wakianza wenyewe kuuliza, "Una nini mkononi?" kabla ya kutoa agizo.

Njia hii ina mipaka, na ni haki uijue. Inatibu wiki ambayo kazi zimezidi, haitibu ofisi iliyopungukiwa na mtu. Zihifadhi karatasi zako za kila Jumatatu. Wiki tatu au nne zikipita na kila moja ina saa kama 20 zisizo na nafasi, hapo tatizo halihusu tena kitu gani kitangulie, na karatasi hizo nne ndizo utakazomwekea Mzee ukiomba nafasi ya mwenzako ijazwe, kwa kuwa naye atazihitaji mbele ya mwenye hoteli. Na ikiwa utagundua kwamba umelimbikiziwa kazi kwa makusudi, ili uchoke uondoke, karatasi ya saa haitakusaidia kitu. Hilo hupelekwa kwa afisa wa wafanyakazi, au kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wa hoteli, KUDHEIHA, kama wewe ni mwanachama. Kwa yale uliyonieleza juu ya Mzee, sioni dalili hiyo. Naona mtu anayetoa maagizo kila yanapomjia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha saa zilizobaki.

Jambo la mwisho ni la wiki yenyewe. Alhamisi tarehe 13, kabla ya chakula cha mchana, itazame tena karatasi yako. Ikiwa ankara za wauzaji hazijakamilika au VAT haijafika nusu, usingoje Jumamosi kumwambia. Nenda siku hiyo, na tarehe mpya mkononi, wakati bado kuna siku mbili na nusu za kubadilisha kitu.